Shavu Lako Si la Kuficha

Wakubwa wangu mliopo hapa, shikamooni. Wadogo zangu, habari za jioni.

Mimi ni kinyozi. Nimeshika mashine hapa Tanga, mtaa wa Ngamiani, kwa miaka inayozidi umri wa wengi wenu. Waliotualika wamenipa swali: mtu kujiweka nadhifu ni kujiheshimu, au ni kujishaua tu? Nimelifikiria kwa wiki nzima nikiwa kazini, na nimeona siwezi kulijibu kwa maneno makubwa. Nitalijibu kwa shavu la kijana mmoja.

Alikuja saluni jioni, siku kumi kabla ya kwenda kuhojiwa kwa ajili ya kazi ya mapokezi hotelini. Ana miaka 19. Jua la Tanga mnalijua, lakini yeye alikuwa amefunga vifungo vya shati mpaka koo, na leso ameikunja ndani ya kola kama mwenye mafua. Akakaa kitini, akasema: "Kaka, nyoa zote. Zilale kabisa, shavu ling'ae." Nikamwomba afungue shati nimfunge kitambaa. Akasita. Alipofungua ndipo nikaona. Kuanzia chini ya taya mpaka kwenye koromeo palikuwa na vipele vilivyosimama, vingine vina usaha, na kati yake madoa meusi ya vile vilivyokwisha kupona. Kila asubuhi, kwa miezi minane, alikuwa amevikwangua kwa wembe.

Nikamwambia sitamnyoa. Alidhani namfukuza.

Wengi wenu hapa mna hivyo vipele, au mtakuwa navyo. Mitaani watu husema ni uchafu, ni damu chafu, ni kubalehe, ni sabuni mbaya. Sivyo. Ni unywele wako mwenyewe umerudi ndani ya ngozi. Ndevu zetu sisi zimejiviringa, na kitundu zinakotokea ndani ya ngozi nacho kimepinda. Ukizikata kwa wembe, ncha inabaki kali kama mshale. Unywele unaota karibu theluthi moja ya milimita kwa siku, kwa hiyo siku ya tatu au ya nne umefika kama milimita moja, umeanza kujikunja, na ile ncha kali inaielekea ngozi iliyo jirani. Inaichoma na kuingia. Mwili haujui kama huyo ni mtoto wake. Unauona kama mwiba, unaupiga vita, na hapo ndipo uvimbe, mwasho na usaha vinapotokea.

Kuna njia ya pili, mbaya zaidi, na hii tunajitengenezea wenyewe. Ukiivuta ngozi kwa kidole ili shavu linyooke, kisha ukapitisha wembe kutoka chini kwenda juu, unaukata unywele ukiwa umevutwa nje. Ukiachia ngozi, kile kisiki kinazama chini ya uso wa ngozi. Kikianza kuota hakipati hata nafasi ya kutoka. Kinatoboa ukuta wa kitundu chake huko huko ndani. Zile nyembe za kisasa zenye makali matatu au matano zimetengenezwa kufanya hivyo hasa: kali la kwanza linauinua unywele, linalofuata linaukata chini zaidi. Kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka shavu linakuwa laini na mambo yanaishia hapo. Kwa wewe na mimi ni kupanda mbegu za vipele.

Kijana wangu alikuwa anafanya yote hayo kila siku. Makali matatu, ngozi imevutwa, kwenda kinyume na uelekeo wa ndevu, anapita mara nne au tano mpaka asisikie kitu chini ya kidole. Na vipele vilipozidi, rafiki yake alimpa krimu ya tyubu. Akapaka, vikalala ndani ya siku tatu. Akafurahi. Akaendelea kupaka miezi mitano.

Nikamuuliza jina la hiyo krimu, akaitoa mfukoni. Ilikuwa na steroidi, dawa kali inayotakiwa kuandikwa na daktari kwa siku chache tu. Steroidi inautuliza ule uvimbe, lakini unywele haiugusi. Mshale bado upo ndani. Ukiizoea usoni, ngozi inakuwa nyembamba, inapauka, vinatoka vipele vya aina nyingine, na siku ukiiacha ghafla uso unawaka. Kola yake ilikuwa inaficha shingo yenye rangi mbili: hapa nyeusi ya makovu, pale nyeupe ya krimu. Nilimwambia aende hospitali kwa daktari wa ngozi amwelekeze namna ya kuiacha, na alikwenda.

Ndevu tulizishughulikia sisi wawili, na nataka niwasimulie taratibu kwa sababu humo ndimo lilimo jibu la swali langu.

Siku ile ya kwanza nilichukua mashine, si wembe, nikaziacha ndevu zikiwa na urefu wa milimita moja na nusu hivi, kile kichana mafundi wanachokiita nusu. Sikuivuta ngozi. Baada ya hapo nikalowesha taulo katika maji ya uvuguvugu, nikaikamua na kuilaza shingoni dakika tano, nikarudia mara mbili. Ngozi ilipolainika, nikamkabidhi kioo, nikamwonyesha. Ndani ya kile kipele kulikuwa na kitanzi cheusi kidogo, unywele umetoka huku na kuingia kule, kama uzi wa mshono. Alikuwa hajawahi kukitazama. Miezi minane analipiga vita jambo ambalo hajaliangalia hata mara moja karibu, kwa sababu kila akijitazama kwenye kioo alikuwa anatafuta watu watakavyomwona.

Vile vitanzi vilivyokuwa wazi kabisa nilivinyanyua kwa sindano mpya, ncha ikatoka nje, basi. Sikuung'oa hata mmoja. Hapa wengi mnakosea. Mnashika kibano, mnavuta, mnaona raha unywele ulipotoka na mzizi wake. Ule utaota tena kutoka chini, safari hii ukiwa hauna njia, na utatobolea ndani. Na vile vyenye usaha sikuvigusa wala sikuviminya.

Kisha nikampa masharti. Hakuna wembe kwa wiki nne, hakuna kukwaruza kwa skrabu, hakuna kupaka spiriti kila saa kwa sababu eti inaunguza vijidudu. Asubuhi na jioni maji ya uvuguvugu, sabuni laini, taulo yake peke yake. Kwa nini wiki nne? Kwa sababu unywele ukifika karibu sentimita moja unakuwa na nguvu ya springi. Unajivuta wenyewe kutoka ndani ya ngozi. Hakuna dawa ya dukani inayofanya kazi hiyo vizuri kuliko muda.

Nilimwonya pia kwamba wiki ya kwanza hali itakuwa mbaya zaidi, na ikawa hivyo. Vile visiki vilivyokuwa vimezama vilianza kuota, vipele vipya vikatoka, akaja saluni siku ya sita uso umemvimba, anataka nimnyoe. Tuliketi nje kwenye benchi. Sikumhubiria. Nilimchukulia kioo tena, nikamwonyesha vitanzi vitatu ambavyo juma lililopita vilikuwa vimezama na sasa vimekwisha kujifungua vyenyewe. Akavihesabu kwa kidole. Akaondoka bila kunyolewa.

Kwenye usaili alikwenda na ndevu. Nilimchonga asubuhi ile: mstari wa shavu, mstari wa shingo, masharubu yasifunike mdomo, na zilizobaki zote kimo kimoja. Vipele bado vilikuwepo, lakini vilikuwa vinapoa. Na shati aliliacha kifungo cha juu wazi. Hilo ndilo nililoliona mimi, kuliko ndevu zenyewe.

Wadogo zangu, kijana yuleyule, uso uleule, mkono uleule ulioshika wembe. Miezi minane alijishughulisha na uso wake kuliko mtu yeyote ninayemjua, kila siku dakika ishirini mbele ya kioo, na alikuwa anauumiza. Wiki nne zilizofuata alipunguza kujishughulisha nao, na akaupa nafasi upone. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kujishaua ni kupaka rangi mkakasi. Unautumia mwili wako kama kibao cha tangazo, na ukiona kibao kimepata ufa unaufunika kwa krimu, kwa kola, kwa poda. Kujiheshimu kunaanza pale unapouangalia ule ufa.

Sisi tuliolelewa madrasa tulifundishwa jambo ambalo utotoni sikulielewa. Katika sunna za mwili kuna kupunguza masharubu, kukata kucha, kuondoa nywele za kwapa na za sehemu za siri, na mafundisho ya Mtume yakaweka mpaka: zisipite siku 40. Angalieni orodha hiyo. Nusu yake ni mahali ambapo hakuna jirani atakayepaona. Nani atakusifia kwapa? Nani atapiga picha kucha za miguu yako ndani ya kiatu? Mimi najua mtu anajiheshimu ninapomwona kisogoni, nyuma ya masikio, mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kuona bila kioo cha pili. Wanaojishaua huwa wasafi upande wa mbele tu.

Nije kwa dada zangu, maana nimeona mnanisikiliza kama mambo haya ni ya kaka zenu. Vile vipele ni vilevile kwapani na kwenye mapaja ya juu, kwa sababu ileile, na tiba ni ileile: usivute ngozi, nyoa kuelekea zinakolalia nywele, wembe wa kali moja, usirudierudie. Kuhusu harufu ya kwapa, jasho lenyewe linapotoka halinuki. Bakteria walio kwenye ngozi ndio wanaolila na kuacha harufu, na jasho zito la kwapani linaanza kutoka unapobalehe, ndiyo maana kwapa la mtoto wa miaka sita halinuki. Kwa hiyo kumwaga manukato juu ya kwapa ambalo halijaoshwa ni kuweka harufu mbili mahali pa moja. Osha kwa sabuni, kausha vizuri, ndipo upake. Bibi zetu wa pwani walitumia shabu, lile jiwe jeupe linalouzwa madukani, wanalilowesha na kulipitisha. Linafanya kazi kweli, ila lisiwekwe muda uleule uliponyoa, litakuchoma. Limau msipake. Limau likikutana na jua juu ya ngozi linaunguza, na linaacha doa jeusi kwa miezi. Na nguo ya kitambaa cha plastiki yenye kwapa linalonuka hata baada ya kufuliwa, igeuze ndani nje, isugue hapo kwenye kwapa kwa mkono, uianike juani.

Sasa nirudi kitini kwangu, maana nina deni la kuwaambia.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nasafisha mashine kwa brashi tu. Napiga brashi, nywele zinaanguka, namwita anayefuata. Siku moja mama mmoja alimleta mtoto mwenye kichwa kilichobanduka duara mbili, nywele zimekatika, unga mweupe juu. Mapunye. Nilimnyoa, nikapiga brashi, nikamnyoa mtoto wa jirani yangu. Wiki tatu baadaye yule wa jirani alikuwa na duara lake mwenyewe juu ya sikio. Baba yake hakunisema vibaya. Alinionyesha tu. Mtoto yule alimeza vidonge vya hospitali zaidi ya mwezi mzima, kwa sababu mapunye ya kichwani yanakaa ndani ya mzizi wa unywele, krimu ya kupaka haifiki. Lile duara nililibeba moyoni muda mrefu.

Ndiyo maana nawaambia: kinyozi si mkubwa wako kiasi kwamba usimuulize. Ukikaa kitini, tazama anafanya nini kabla mashine haijakugusa. Inatakiwa kwanza apige brashi nywele zote zitoke, kwa sababu dawa haipenyi chini ya nywele na mafuta. Halafu apulizie au achovye meno ya mashine katika spiriti ya asilimia 70, aiache ikauke yenyewe. Spiriti yenye asilimia kubwa zaidi si bora. Inakauka upesi mno kabla haijaua, na maji yaliyo ndani ya ile ya 70 yanaisaidia kupenya. Akiipangusa saa ileile, amefanya sarakasi. Na kile kisanduku chenye taa ya buluu kinachowaka ukutani, ambacho wengi mnakiamini, mwanga wake unafika juu juu tu. Mashine yenye nywele ukiiingiza humo inatoka na nywele zake na vijidudu vyake.

Wembe uwe mpya, ufunguliwe ukiona. Hapa sina mzaha. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba au zaidi, katika damu iliyokauka usiyoiona kwa macho. Na nyumbani pia: kaka na mdogo wake wanatumia wembe mmoja kwa kuwa ni ndugu. Udugu ni wa sahani. Wembe kila mtu na wake.

Nakumbuka kijana mmoja, mpole, alinisimamisha nikiwa nimekwisha kuwasha mashine, akasema kwa adabu, "Samahani kaka, naomba uipitishie spiriti." Watu waliokuwa benchini wakanyamaza. Nilikuwa nimekwisha kuisafisha, lakini nilisafisha tena mbele yake. Alikuwa amevaa kandambili na fulana iliyopauka. Nimewahi kunyoa watu wenye saa za bei mbaya ambao hawakuwahi kuuliza hata mara moja.

Jambo moja la kuwatahadharisha, maana mtindo wa sasa ni wa kukwangua kisogo mpaka kiwe kama kioo. Vipele vikianza pale kisogoni, kwenye mstari wa nywele, msivichukulie kama vya ndevu. Vile vya kisogoni vikiachwa vinaweza kuungana na kuwa kovu gumu linalonyanyuka, nywele hazioti tena juu yake, na baadaye hata daktari anapata shida kuliondoa. Ukiviona viwili vitatu, mwambie kinyozi aache nywele za kisogo zikiwa na milimita kadhaa, asichonge mstari mkali, acha kola ngumu, na nenda hospitali mapema. Kinyozi anayekwambia atavimaliza kwa wembe, nyanyuka kitini. Na kwa ndevu vilevile: ikiwa wiki sita zimepita bila wembe na bado vinatoa usaha, au una homa, hapo kazi yangu imekwisha na ya daktari imeanza.

Yule kijana wangu bado anakuja. Madoa meusi yalichukua zaidi ya nusu mwaka kufifia, na mengine mawili chini ya taya yapo mpaka leo. Siku hizi ananyoa kila baada ya siku tatu au nne. Anaoga kwanza, ndevu zinywe maji na zilainike. Anapaka povu, anaacha dakika mbili. Wembe wa kali moja, mkono mwepesi, mpito mmoja kila sehemu, anausuuza kila baada ya mpito. Zinabaki kidogo, unazisikia ukigusa. Ameridhika nazo.

Kabla hujashika wembe, kuna kitu kimoja unatakiwa kukijua, na hakuna anayeweza kukujulia. Wekeni vidole shavuni sasa hivi, hapo mlipo. Pitisheni kwenda chini, kisha kwenda juu. Upande unaokwaruza ndio kinyume. Sasa shukeni shingoni, na muende polepole, kwa sababu pale hazifuati njia moja. Kwa wengine zinapanda juu, kwa wengine upande wa kushoto zinakwenda sikioni na wa kulia zinakwenda kooni. Wenye ndevu ambazo hazijatoka, jaribuni kisogoni.

Nimekuja na vioo viwili, taulo safi kumi na chupa ya maji ya moto, vipo pale mezani karibu na mlango. Atakayetaka tumwangalie mwelekeo wa ndevu zake, au ana vipele na angependa tuvitazame faraghani, mimi sina haraka. Mwenye kola iliyofungwa mpaka juu namwanzia yeye.